Hadithi fupi: Sefu, mjomba na wembe wa kwanza (naomba mkague ushauri wa mjomba)

MtunziWaJioni

Wakuu, habari zenu. Nimeandika hadithi fupi ya kijana wa miaka 15 anayekwenda dukani na mjomba wake kununua wembe na deodoranti kwa mara ya kwanza. Wasomaji wake ni vijana wa rika hilohilo, na najua wataiga watakachosoma. Lugha niachieni mwenyewe. Ninachoomba ni mkague anachoelekeza mjomba: kama kuna kijana atajinyoa kwa kufuata maneno haya, uso wake utabaki salama?

*Sefu alikuwa ameshachagua. Alishika kinyoleo cha nyembe tano, kile chenye picha ya mwanamume anayejipapasa shavu.*

*"Mjomba, hiki hapa."*

*Mjomba Rajabu hakukitazama. Alimshika Sefu kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga. Juu ya mdomo palikuwa na masharubu membamba. Chini ya taya zilikuwepo nywele chache nyeusi, na kila mmoja ulikuwa umejikunja hadi ncha yake inaelekea tena kwenye ngozi.*

*"Hicho kirudishe. Wembe wa kwanza unaukamata unywele na kuuvuta nje kidogo. Wa pili unaukata kabla haujarudi ndani, na wa tatu vilevile. Unywele ukijirudia shimoni, ncha yake inabaki chini ya usawa wa ngozi, tena imechongoka. Mwenye nywele zilizonyooka hapati shida. Wako ni kipilipili, utaota huku unapinda na utatoboa ngozi kutoka ndani. Siku chache baadaye utaniuliza vipele vimetoka wapi."*

*"Sasa ninyoe na nini?"*

*"Wembe mmoja. Na usitafute ulaini wa kwenye picha. Ukijipapasa ukahisi vinyweleo vinakwaruza kidole kidogo, hapo umenyoa vizuri."*

*Alimpa pakiti ya vinyoleo vya wembe mmoja na jeli ya kunyolea isiyo na manukato. Walipofika upande wa deodoranti, Sefu alinyoosha mkono kwenye sprei kubwa kuliko zote.*

*"Kwanza nijibu," mjomba akasema. "Kwapa lako linanuka, au linalowa?"*

*Sefu aliangalia huku na huku. "Linalowa. Shati linaonyesha. Na jioni… linanuka pia."*

*"Basi unahitaji ile iliyoandikwa kwamba inazuia jasho. Hiyo uliyoshika inashughulika na harufu tu. Utanukia huku shati limelowa."*

*Nyumbani walisimama mbele ya kioo. "Vuta ngozi kwa kidole ili iwe imekaza," mjomba alielekeza, "kisha shusha wembe kutoka juu kwenda chini." Sefu akanyoa. Alipomaliza alijipaka dawa yake ya kwapa, akavaa shati, akatoka.*

---

Mkasi wa Zamani

Mtunzi, hapo dukani mjomba anajua kazi yake. Maelezo ya nyembe nyingi ndiyo hasa, na nimefurahi kuona ameanza kwa kuangalia nywele za kijana kabla ya kuangalia rafu. Pale kwenye kioo ndipo anapoharibu alichojenga.

Umemfanya amwambie kijana avute ngozi. Ngozi ikivutwa, unywele unachomoza zaidi, unakatwa, kisha ukiiachia ngozi unaingia ndani. Ni matokeo yaleyale ya kinyoleo cha nyembe tano, ila safari hii kidole ndicho kimefanya kazi hiyo. Kwa mwenye kipilipili, ngozi iachwe ilivyo. Chini ya taya, ambako ngozi hulegea, inatosha kuinua kidevu kidogo.

La pili ni "juu kwenda chini". Shavuni mara nyingi ni kweli. Shingoni si kweli kwa wengi, maana nywele huko hulala upande, na kwa wengine huota kuelekea juu. Mjomba amwambie Sefu asinyoe siku mbili, kisha apitishe kidole shingoni pande zote nne. Upande ambao kidole kinateleza ndio nywele zilikolala, na wembe ufuate huohuo. Kushoto na kulia kwa shingo huenda pasifanane, kwa hiyo apapase pote kabla ya kugusa wembe.

Halafu umeruka maji, na hapo ndipo vijana wengi wanajikata. Unywele mkavu ni mgumu. Ukikaa kwenye maji ya vuguvugu dakika mbili tatu hunywa maji, hulainika na kukatika bila kuvutwa. Njia rahisi ni kunyoa mara baada ya kuoga. Kisha jeli, iachwe usoni dakika moja au zaidi, ndipo wembe. Mikwaruzo iwe mifupi, ya sentimeta mbili hivi, na wembe usuuzwe kila baada ya mkwaruzo mmoja au miwili. Mkono usibonyeze kabisa. Ukiona unalazimika kubonyeza, wembe umekwisha makali au umejaa nywele.

Mahali palipopitiwa mara moja pasirudiwe. Kijana atajipapasa, atahisi kinyweleo, atatamani kurudia bila jeli. Huko kurudia pakavu ndiko kunakoacha ngozi nyekundu inayowaka.

---

Limau na Chumvi

Mambo mengi kwa kitu kidogo. Mimi natumia shabu tu. Ukimaliza kunyoa, lowesha jiwe la shabu, pitisha usoni, damu inakata. Hilohilo unapitisha kwapani na kikwapa kinaisha. Asiye na shabu akate limao apake. Hizi dawa za kuzuia jasho zinafungia sumu mwilini, jasho ndilo linalotoa uchafu. Mjomba asimuingize mtoto huko.

---

Nesi Tatu

@Limau na Chumvi, shabu nakubali. Inakaza ngozi, inazuia damu ya mikato midogo, na kwapani inapunguza bakteria wanaoleta harufu. Sefu anaweza kuwa nayo pembeni ya sinki. Ila ujue shabu yenyewe ni chumvi ya alumini, na dawa za kuzuia jasho nazo zimetengenezwa kwa chumvi za alumini. Kwa hiyo ukiikubali moja na kuikataa nyingine kwa sababu ya sumu, hapo hoja haisimami.

Kuhusu sumu, kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo. Jasho ni maji na chumvi, kazi yake ni kuupoza mwili. Kwapa mbili zikikauka, ngozi nyingine yote inaendelea kutoa jasho.

Limao hapana. Ni asidi kali. Ngozi iliyotoka kunyolewa ina mikwaruzo isiyoonekana, itaungua. Na maji ya limao yakibaki kwenye ngozi ikapigwa jua, yanaweza kuacha malengelenge au mabaka meusi ya wiki nyingi. Magadi nayo yanawasha kwa sababu iliyo kinyume, yanaondoa asidi kidogo ambayo ngozi inaihitaji.

Mtunzi, nakuja kwenye kwapa, maana swali la mjomba "linanuka au linalowa" ni zuri na hukulitumia hadi mwisho. Jasho likitoka halina harufu. Umri wa balehe unaamsha tezi za kwapani ambazo utotoni zilikuwa zimelala, na jasho lake lina mafuta na protini. Bakteria wa kwenye ngozi wanalila, na mabaki yao ndiyo yananuka. Ndiyo maana mtoto wa miaka 8 anakimbia mchana kutwa na hanuki, na kaka yake wa miaka 15 akikaa darasani tu anatoa harufu.

Sasa kosa la muda. Umeandika Sefu alijipaka dawa, akavaa shati, akatoka. Dawa ya kuzuia jasho hufanya kazi kwa kutengeneza vizibo vidogo kwenye midomo ya njia za jasho. Vizibo vinahitaji muda na ngozi kavu. Ukipaka asubuhi juu ya kwapa lenye unyevu wa kuoga halafu ukatoka kwenda kutembea, jasho linaisukuma nje kabla haijakaa, na inaishia kwenye shati. Ipakwe usiku kabla ya kulala, wakati mwili unatoa jasho kidogo, na kwapa likaushwe kwa taulo kwanza. Asubuhi anaoga kama kawaida, vizibo havitoki kwa maji. Asitegemee matokeo usiku wa kwanza. Ajipe usiku kadhaa mfululizo ndipo ahukumu.

Asubuhi akitaka kunukia, hapo ndipo deodoranti ya kawaida inaingia, ile aliyoishika kwanza. Si kwamba alikosea rafu, alikosea kazi yake.

---

Baba Watoto Wanne

Mimi naona hadithi inahimiza mapema mno. Miaka 15 anyoe nini? Akianza sasa nywele zitaota nene na nyeusi, hawezi kurudi nyuma tena. Mjomba mwenye busara angemwambia asubiri.

---

Mkasi wa Zamani

Mzee wangu, hilo linasemwa kila mahali, na sababu yake inaeleweka. Unywele ambao haujawahi kukatwa una ncha nyembamba. Ukiukata katikati, ncha mpya inakuwa butu, na kidole kinahisi kitu kigumu. Mzizi haujui kwamba juu kumekatwa. Mtafiti Mildred Trotter alilipima hili mwaka 1928, na kunyoa hakukubadilisha unene, rangi wala kasi ya kuota. Kinachodanganya macho ni umri: kijana huanza kunyoa wakati uleule ambao homoni zinaongeza nywele kwa kasi, hata asinyoe.

Kusubiri nako si kosa. Kama masharubu hayamsumbui Sefu, hana sababu ya kiafya ya kuyagusa.

---

Kola Ngumu

Wadau, mimi vipele vyangu viko kisogoni, pale mashine inapomalizia. Vimekuwa vigumu na vingine havina nywele tena. Kwa maelezo haya nikitumia wembe mmoja vitaisha?

---

Mkasi wa Zamani

@Kola Ngumu, hapana, na tafadhali usipeleke wembe huko. Vya kisogoni ni tatizo jingine hata kama vinafanana na vya ndevu kwa mbali. Vikishakuwa vigumu na kuacha mahali pasipo nywele, hilo ni kovu linajijenga, na likiachwa linaweza kukua likawa uvimbe. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema, kovu changa linatibika kuliko kubwa. Kabla hujafika kwake, mwambie kinyozi asishushe mashine hadi kwenye ngozi hapo, na acha kola zinazosugua.

Narudi kwa Sefu. Mtunzi, nina shaka moja na ununuzi wenyewe. Kwa nywele zilizojikunja kama ulivyozieleza, kwa nini mjomba hakumnunulia mashine ndogo ya umeme ya kupunguza ndevu? Inaacha nywele ndefu kidogo, nusu milimita hadi milimita moja, juu ya ngozi. Ncha haipati nafasi ya kuingia chini. Kwa kijana huyu ningeanza hapo.

---

Wembe Mmoja Mkononi

Mkasi, unamvusha kijana daraja ambalo bado hajalifikia. Ana nywele chache chini ya taya. Wembe mmoja, mkwaruzo mmoja, kufuata nywele zilikolala, mara moja kwa wiki: hapo vipele vitatoka wapi? Mashine nayo ikiwa chafu au kichwa chake kimeharibika inang'ata ngozi. Tena ukiibandika kabisa kwenye ngozi na kurudia mara tano, inakata chini vilevile.

Ila nina nyongeza. Kwa kuwa Sefu atanyoa mara chache, asihesabu matumizi peke yake. Wanasema wembe mmoja unatosha kunyoa mara 5 hadi 7, na kwa mtu anayenyoa mfululizo ni sawa. Wembe wa Sefu utakaa wiki nyingi bafuni kwenye mvuke. Ausuuze, autikise maji, asiufute kwa taulo maana taulo inaua makali, kisha auweke nje ya bafu ukauke. Siku atakayohisi unavuta nywele, autupe bila kuangalia umetumika mara ngapi.

---

Nesi Tatu

Na asimwazime mtu wembe wala asiazime, hata kwa kaka yake. Damu isiyoonekana kwenye wembe inaweza kubeba virusi vya homa ya ini. Mjomba aliseme hili dukani, wakati wa kuchukua pakiti yenye vinyoleo vingi, maana hapo ndipo kijana hufikiria kugawana.

Kwenye mashine na wembe sina upande. Kijana mwenye chunusi nyingi ningempa mashine, kwa sababu wembe unakata vichwa vya chunusi na kusambaza uchafu. Sefu hukumpa chunusi kwenye hadithi.

---

MtunziWaJioni

Sefu hana chunusi, na wembe utabaki. Nimeandika upya sehemu ya kioo:

*"Umeoga?" mjomba akauliza.*

*"Sasa hivi."*

*"Basi usijifute uso. Paka jeli, tulia kwanza." Wakasubiri. Mjomba alichukua mkono wa Sefu, akaweka kidole chake mwenyewe chini ya taya. "Jana ulisema huku kulikuwa kunateleza wapi?"*

*"Kuelekea sikioni."*

*"Wembe uende hukohuko. Ngozi usiiguse, inua kidevu tu."*

*Mkwaruzo wa kwanza haukutoa sauti. Sefu aliusuuza wembe, akapita pembeni yake, akasuuza tena. Kwenye kona ya mdomo alibonyeza, na tone la damu likatokea.*

*"Maji baridi, kisha bana na kitambaa safi. Usichungulie kila mara." Mjomba alimsubirisha hadi damu ikakata. "Hapo ulibonyeza kwa sababu uliona umebakiza unywele."*

*"Bado upo."*

*"Uache. Kesho kutwa utakuwa umeota, hakuna atakayeuona zaidi yako."*

*Usiku, kabla ya kulala, Sefu alikausha kwapa kwa taulo, akaviringisha dawa mara tatu kila upande, akakaa bila shati mpaka ikakauka.*

Kuna swali limebaki kwangu. Nimetaka anyoe kwapa pia siku hiyohiyo. Inafaa?

---

Nesi Tatu

Isiwe usiku huohuo. Dawa ya alumini juu ya kwapa lililotoka kunyolewa inachoma na inaweza kuleta vipele. Akinyoa leo, apake kesho usiku. Na hana lazima ya kunyoa. Akizipunguza kwa mkasi zikabaki fupi, sabuni inafika kwenye ngozi na dawa inashika vizuri zaidi.

Ongeza shati pia. Kama ni la polyesta, harufu inabaki kwenye nyuzi hata baada ya kufuliwa, na mwili ukipata joto inarudi ndani ya saa moja. Kijana ataona dawa haifanyi kazi, kumbe linalonuka ni shati. Namna ya kujua: alinuse kwapani likiwa limefuliwa na kukauka, alipashe kidogo kwa pasi, alinuse tena. Likinuka baada ya joto, aligeuze nje ndani na kuliloweka kwenye maji ya sabuni kabla ya kulifua. Na yale madoa ya njano kwenye mashati meupe huletwa na alumini ikichanganyika na jasho, ndiyo maana kusubiri dawa ikauke kuna faida mara mbili.

Kwapa likiwasha na kuwa jekundu siku chache baada ya kuanza, mara nyingi ni manukato. Aache hadi litulie, kisha ajaribu isiyo na harufu. Na kama jasho linadondoka hata akiwa ametulia kwenye baridi, na dawa ya usiku haikusaidia, hapo si suala la dukani tena, aende kituo cha afya.

---

Binti wa Pwani

Nimefuatilia tangu mwanzo. Kaka yangu ana vipele vya ndevu tayari, hakupata mjomba wa kumwambia haya. Afanyeje na alivyonavyo?

---

Mkasi wa Zamani

Aache kunyoa kabisa, wiki nne au zaidi. Wiki ya kwanza vinaweza kuongezeka, kwa sababu nywele zilizokwisha kukatwa fupi bado zinapita kwenye urefu ule wa kutoboa ngozi, asikate tamaa hapo. Zikirefuka zinajichomoa zenyewe. Kila siku aweke kitambaa cha maji ya vuguvugu dakika tano hivi. Akiona unywele umetengeneza kitanzi juu ya ngozi, ainue ncha kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, auache hapo nje. Asiung'oe, maana unaoota badala yake unaanzia ndani zaidi. Chenye usaha au kinachouma asikiminye, aonane na daktari.

Akirudi kunyoa, ninasisitiza mashine, isibandikwe kwenye ngozi.

---

Wembe Mmoja Mkononi

Kwa huyo mwenye vipele tayari nakubali mashine. Kwa Sefu bado sijakubali.